Kipimo cha usikivu hakioni kila kitu

"Sikio langu limepimwa, likaonekana zima, basi ule mlio wa kwenye hedifoni haukunidhuru, sivyo?"

Kipimo hicho huonyesha sauti hafifu kabisa unayoweza kuisikia, lakini hakipimi maumivu. Mlio mkali wa ghafla, kama ule wa faksi, unapopenya kwenye hedifoni, msuli mdogo unaovuta ngoma ya sikio hukaza, na wataalamu wengi wanaona kwamba kukaza huko ndiko kunakoleta maumivu, sikio kuhisi limeziba, mvumo na kuumizwa na sauti za kawaida, ingawa usikivu haujapungua. Kikomo cha desibeli 118 kilichomo katika hedifoni nyingi za wahudumu wa simu hupunguza ukali, wala hakizuii mtu kushtuka.

Mhudumu mmoja wa simu pale Kijitonyama, katika ukumbi usio na vizuizi kati ya meza, alikuwa amepandisha sauti hadi mwisho ili awasikie wateja. Mlio ukamkuta hapo. Wiki mbili baadaye kipimo kilikuwa safi, ilhali mgongano wa vijiko ulimuumiza sikio. Alipaswa kuivua hedifoni mara moja, kuandika saa ya tukio, na kutoirudia mpaka dalili ziishe.