Je, wajua jinsi ya kutofautisha gauti na maumivu mengine ya kidole gumba cha mguu?

"Kiungo cha kidole gumba cha mguu kinaniuma sana. Nitajuaje kama ni gauti, au ni nundu, ukucha, au kiungo kuchakaa tu?"

Anza na namna maumivu yalivyoingia. Gauti, ambayo wengi huiita jongo, huvamia kwa saa chache. Mtu analala mzima, saa nane au tisa za usiku anaamshwa na maumivu, na kabla ya siku moja kwisha yamekwishafika kileleni. Nundu na kiungo kilichochakaa hujijenga kwa miezi na miaka. Ukucha unaoingia ndani ya nyama huchukua siku kadhaa. Kama ningeruhusiwa kumuuliza mgonjwa swali moja tu, ningemuuliza hilo, hata kabla hajavua kiatu.

Kisha tazama mguu wenyewe. Gauti inapowaka, kiungo chote kilicho chini ya kidole gumba huvimba, ngozi hukazana na kung'aa, na ukiweka mgongo wa kiganja unasikia joto. Kwa mtu mweupe ngozi huwa nyekundu. Kwa mtu mweusi wekundu huenda usionekane, ngozi ikawa tu nyeusi zaidi kuliko ya mguu wa pili, kwa hiyo joto na uvimbe ndivyo vya kutegemea. Mgonjwa hawezi kuvumilia hata shuka iguse kidole. Na hata bila dawa, maumivu hayo kwa kawaida hupoa yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, kidole kikarudi kama hakijawahi kuuma. Kupotea huko ndiko kunakowafanya watu wengi waache kutafuta tiba mpaka lije shambulio la pili.

Kwa nini kidole gumba? Chanzo ni kuzidi kwenye damu kwa asidi ya yuriki, taka ya mwili ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ikipita kiwango cha miligramu 6.8 hivi kwa desilita, haiyeyuki yote, na ziada huweza kuganda kuwa fuwele nyembamba zenye ncha kama sindano. Ugandaji huo huwa rahisi zaidi mahali penye baridi, na miguu ni sehemu ya mwili yenye joto dogo. Tena kiungo hiki hubeba uzito kila hatua, na gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ikichubuka hushika fuwele kwa urahisi. Fuwele zinaweza kukaa humo muda mrefu kimya. Siku chembe za kinga zinapozivamia, ndipo moto unapowaka.

Ukucha unajulikana upesi: bonyeza ukingo wa ukucha, kisha bonyeza kiungo. Kama pembeni mwa ukucha ndipo panapouma, nyama imevimba na labda inatoa usaha, na kiungo hakina shida, jibu umelipata.

Nundu ni mifupa iliyohama. Kidole gumba huegemea vidole vingine, na kichwa cha mfupa ulio nyuma yake hutokeza upande wa ndani wa mguu. Huuma pale kiatu kinapobana, na kiatu kipana hupunguza maumivu. Ngozi juu ya nundu inaweza kuwa nyekundu na kuvimba kwa sababu ya msuguano, na hapo ndipo watu huchanganya na gauti. Lakini uvimbe huo hukaa juu ya nundu tu, na ukikishika kidole na kukipinda taratibu, mara nyingi bado kinakubali.

Kiungo kilichochakaa hakikubali. Kaa, weka nyayo chini, kisha kiinue kidole gumba kwa mkono kuelekea juu. Kidole kizima hupanda nyuzi 60 hivi au zaidi. Kilichochakaa hugonga mwamba mapema, na maumivu hutokea juu ya kiungo, mahali ambapo mara nyingi unaweza kupapasa kijiongezo kigumu cha mfupa. Mwenye tatizo hili huumia anapojisukuma mbele kwa kidole, anapopanda mlima au kuchuchumaa, na akipumzika hupata nafuu. Kiatu chenye soli ngumu isiyokunjika humsaidia, kwa sababu kidole hakilazimiki kupinda.

Ugumu unakuja pale magonjwa mawili yanapokaa kwenye kidole kimoja, na hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 58, mwenye nundu tangu ujanani, anayetumia dawa ya presha ya kuongeza mkojo. Usiku mmoja anaamka kidole kimewaka moto. Nyumbani wanasema ni ile nundu yake. Asubuhi anapimwa damu, asidi ya yuriki inasoma 5.9, anaambiwa si gauti, anarudi na dawa ya maumivu. Wote wamekosea. Nundu haiamshi mtu usiku kwa ghafla namna hiyo, na haiwezi kuvimbisha kiungo chote kwa saa sita. Dawa nyingi za kuongeza mkojo hupandisha asidi ya yuriki. Na kile kipimo cha 5.9 kilichukuliwa wakati mbaya: uvimbe ukiwa mkali, figo hutoa asidi hiyo kwa wingi, kiwango kwenye damu kikashuka kwa muda. Kipimo hicho hurudiwa angalau wiki mbili hadi nne baada ya maumivu kuisha. Mtu huyu akisoma 8.7 wakati huo, hadithi imekamilika.

Uthibitisho wenyewe hupatikana kwa kuchoma sindano kwenye kiungo, kuvuta majimaji kidogo na kutafuta fuwele kwa hadubini. Si kila mgonjwa anahitaji kuchomwa. Lakini kiungo kilichoingiwa na bakteria hufanana na gauti kwa kila kitu: joto, uvimbe, maumivu makali. Mwenye homa, baridi ya kutetemesha, kidonda karibu na kiungo, kisukari au kinga dhaifu asikae nyumbani kusubiri. Majimaji yake yachunguzwe siku hiyo hiyo, kwa maana bakteria wanaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache, na kuonekana kwa fuwele peke yake hakuondoi uwezekano kwamba bakteria nao wamo.

Ikiwa ni gauti, shambulio hutulizwa kwa kolchisini, dawa za uvimbe za aina ya ibuprofeni, au steroidi, na tabibu huchagua kwa kuangalia figo, tumbo na moyo wa mgonjwa. Dawa huanza kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema, ndani ya siku ya kwanza. Hizo huzima moto tu, fuwele zinabaki. Anayeshambuliwa mara kwa mara hupewa alopurinoli kila siku ili kushusha asidi ya yuriki chini ya 6, na hapo fuwele za zamani huyeyuka polepole kwa miezi mingi. Katika miezi ya mwanzo, kuyeyuka huko kwenyewe kunaweza kuamsha shambulio, na wagonjwa wengi huitupa dawa wakiamini imewadhuru. Wasiiache. Kolchisini ya kipimo kidogo hutolewa pamoja nayo kwa miezi mitatu hadi sita ya kwanza kwa sababu hiyo hasa, na mtu aliyekuwa tayari anameza alopurinoli huendelea nayo hata kidole kinapokuwa kimewaka.