Walionyamaza kuhusu kipato na wastani wanaouvuta

"Wahojiwa wachache wakiacha wazi swali la kipato, si tunachukua tu wastani wa waliojibu, na tukitaka uhakika zaidi tunahoji watu wengi zaidi?"

Ingetosha kama wangekuwa wamenyamaza kwa bahati tu. Kwenye kipato mara nyingi sivyo: mwenye kingi ana sababu ya kukwepa swali, na pengine asiye nacho pia. Kukosekana kwa jibu kunategemea jibu lenyewe.

Chukua watu 10 wenye vipato, kwa maelfu, vya 20, 20, 30, 30, 40, 40, 50, 70, 200 na 300. Wastani wa kweli ni 80. Wawili wa juu wakikataa kujibu, wanane waliobaki wanatoa 37.5. Pengo hilo ni sehemu ya wasiojibu mara tofauti ya wastani wa makundi mawili: 0.2 × (37.5 − 250) = −42.5.

Ukubwa wa sampuli haumo kabisa katika hesabu hiyo, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Wavu wenye matundu mapana hata ukitupwa mara elfu, dagaa watapita tu. Hoji watu 10,000 wenye tabia ileile ya kukwepa na utarudi na takriban 37.5, safari hii ikiwa na wigo mwembamba wa makosa. Ripoti inajiamini zaidi bila kusogea kuelekea 80. Kujaza mapengo kwa wastani wa waliojibu nako hakusaidii: 37.5 inabaki palepale, na tofauti kati ya watu inaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Mchambuzi huanza kwa kukadiria vipato vilivyokosekana kutokana na elimu, kazi na umri. Hilo linafaa ikiwa, kati ya watu wanaofanana kwa hayo, kunyamaza hakutegemei tena kipato. Tatizo ni kwamba data haiwezi kuthibitisha sharti hilo, kwa kuwa ushahidi wake ndio uliokosekana. Kwa hiyo hujaribu dhana kadhaa waziwazi: walionyamaza wakipata mara mbili ya waliojibu, wastani ni 45, mara tatu, 52.5. Katika mfano wetu walipata zaidi ya mara sita, kwa hiyo hata dhana hizo ni za woga. Rekodi za kodi, zikipatikana, husaidia kuchagua kizidisho.

Kipato cha mtu wa katikati ni kigumu zaidi kupotoshwa. Kati ya wanane ni 35. Wawili wasiojulikana wakiwa wote chini kabisa, kinakuwa 30. Wakiwa wote juu, 40, ambalo ndilo jibu la kweli. Wastani hauna ukomo kama huo kwa juu, mpaka mtu auweke kwa kukisia. Na kwenye dodoso lijalo, anayekataa kutaja kiasi aulizwe angalau kama kinazidi 100: wengine hukubali kujibu hilo, na "ndiyo" moja huondoa dhana nyingi.