Ukiandika "usione aibu", umeshaitangaza aibu

Nimeletewa tena bango nilipitie kabla halijaenda kiwandani. Ni la tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, na kama ilivyo ada limenifikia rangi zimeshachaguliwa na bosi ameshaipenda picha. Picha mnaijua: mtu kainama, kafunika uso kwa viganja, nyuma yake giza. Na maneno mnayajua pia: "Watu wengi wanateseka kimyakimya kwa kuogopa unyanyapaa. Usione aibu. Ongea leo!" Chini ya ujumbe walioniletea waliongeza kwa fahari: "Suala la unyanyapaa tumelizingatia."

Hapana, hamjalizingatia. Mmelitaja tu. Kazi yangu ni kuandika na kupima kaulimbiu za afya ya akili, na hii imani kwamba ukiitaja aibu inatoweka ndiyo inayonila muda kuliko kitu kingine chochote.

Lisome bango hilo kwa macho ya mtu ambaye hajapata usingizi wa maana kwa wiki 3 na ameanza kujiuliza kama amuone mtu. Huenda hakuwa na aibu hata kidogo. Alichokuwa nacho ni uchovu, na kutojua aanzie wapi. Sasa bango limemfundisha mambo mawili kwa mkupuo: kwamba hali yake ni ya kuonewa aibu, maana ingekuwa si hivyo nani angemwambia asione aibu? Na kwamba wenzake walio katika hali hiyo wananyamaza. Hakuna anayekwambia usione aibu ya kwenda kung'olewa jino.

Hilo la pili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu linaonekana la kweli na la huruma. Binadamu akiwa hajui la kufanya hutazama wengine wanafanya nini. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilipima jambo hili katika hifadhi ya Petrified Forest kule Arizona, ambako wageni walikuwa wakiondoka na vipande vya miti iliyogeuka mawe. Waliweka alama ya siri kwenye vipande, kisha wakabadilisha vibao vya njiani. Pale kibao kilipolalamika kwamba wageni wengi wameiba na kuiharibu hifadhi, karibu asilimia 8 ya vipande vile viliibwa. Pale kibao kilipoomba tu watu wasichukue, viliibwa chini ya asilimia 2. Kibao kilichokusudiwa kuzuia wizi kilikuwa kinawaarifu watu kwamba kuiba ni jambo la kawaida.

Wizi wa mawe si sonona, najua, na sitaki kuunyoosha utafiti huo mpaka ukatike. Lakini "wengi wananyamaza" imejengwa kwa muundo uleule: inalaumu tabia huku ikiitangaza kuwa ndiyo desturi. Ukitaka kutumia wingi wa watu, basi taja wingi wa wale wanaofanya unachokitaka. "Kila siku tunapokea watu waliokosa usingizi kama wewe" ni wingi unaofungua mlango, ilmradi ni kweli mnawapokea. Hata ile takwimu ya Shirika la Afya Duniani, kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani aliishi na tatizo la afya ya akili, peke yake inasema tu kwamba tatizo limeenea. Haisemi watu hao walifanya nini baada ya hapo, na msomaji anachotafuta ni hicho.

Kuna ndugu yake kaulimbiu hii: "Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote." Nitaipitia haraka maana ina mashiko upande mmoja. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba ukilieleza tatizo kwa kemia ya ubongo na urithi wa damu, watu wanapunguza kumlaumu mgonjwa. Kumbe wakati huohuo wanaanza kuamini hatapona, na wengine wanamwona wa hatari zaidi. Kwa hiyo umemtoa kwenye lawama ukamtia kwenye kukata tamaa. Mimi siiandiki. Ila nimewahi kukaa na mama ambaye sentensi hiyohiyo ilimwondolea mzigo wa kuamini kwamba malezi yake ndiyo yaliyomwangusha mwanawe, na sijui kama ningekuwa na haki ya kumnyang'anya.

Turudi kwenye bango, kwenye neno "Ongea". Na nani? Useme nini? Halafu iweje? Ni amri ya neno moja inayomtwisha kazi yote mtu mwenye nguvu kidogo kuliko wote chumbani. Sonona inakula uwezo uleule unaohitajika: kuanzisha jambo, kupanga maneno, kuamini kwamba kuna faida. Kumwambia aongee ni kumdai alichonyang'anywa. Na akijitahidi akaongea, jibu la kwanza analopata lina uzito wa ajabu. Akiambiwa "jikaze", au "mbona wenzako wana shida kubwa zaidi", usitegemee atarudia kesho. Bango lililomsukuma kuongea halikumwandaa wa kumsikiliza.

Ndiyo maana niliwauliza wenye bango swali ambalo hawakulipenda: msomaji wenu ni nani? "Jamii kwa ujumla," wakasema. Jamii kwa ujumla haipiti barabarani ikasoma bango. Anayepita ni mtu mmoja, na uwezekano mkubwa ni kwamba yeye si mgonjwa leo, ila kuna mtu wake ambaye amemwona amebadilika na hajui amwanzeje. Tukakubaliana, baada ya mvutano, bango kubwa liwe la huyo.

Tukakaa kuorodhesha anachokiona kwa macho yake, si majina ya magonjwa. Hapokei simu. Ameacha mambo aliyokuwa akiyapenda. Halali, au analala mchana kutwa. Hali imepita wiki 2, ambao ndio muda ambao hata sisi wataalamu tunautumia kutenganisha siku mbaya na kitu cha kufuatilia. Kisha tukatafuta sentensi ambayo mtu anaweza kuitamka bila kujisikia daktari wa bandia. Rasimu ya wabunifu ilisema: "Mhamasishe mpendwa wako kupata huduma za kisaikolojia." Jaribu kumwambia hivyo rafiki yako uone. Iliyobaki mwishoni ni hii:

"Amebadilika, na wiki mbili zimepita? Mwambie: 'Naona siku hizi hauko sawa. Nina nafasi, nisimulie.' Kisha nyamaza umsikilize."

Hilo "nyamaza" lilizua kelele. Mtu mmoja aliona ni la ukali. Nililipigania. Wenye kampeni ya Australia iitwayo R U OK?, iliyoanza 2009, wamejenga kila kitu juu ya hatua 4 za msikilizaji: uliza, sikiliza, mtie moyo achukue hatua, kisha mrudie baada ya siku kadhaa. Watu wengi wanaiweza ya kwanza. Ya pili inawashinda, kwa sababu kimya kinawatisha na wanakimbilia kutoa ushauri. Ya nne wanaisahau kabisa, nayo tukaipa mstari wake mdogo: "Mrudie wiki hii."

Waliniuliza pia kama tusiguse kabisa kujiua "tusije tukawapa wazo". Jibu fupi: tafiti hazijaonyesha kwamba kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua kunampandikizia wazo hilo, na wengi hupata nafuu ya kuulizwa. Kisichofaa bangoni ni kutaja njia, mahali, au kulifanya lionekane suluhisho.

Bango la pili, dogo, ndilo tuliloliandika kwa mwenye shida mwenyewe, nalo linabandikwa mahali ambapo mtu yuko peke yake, nyuma ya mlango wa choo kwa mfano, ambapo hakuna anayemwona akipiga picha namba. Halina neno unyanyapaa wala aibu. Linasema: "Huna usingizi, na kila kitu kimekuwa kizito? Ukipiga namba hii utazungumza na muuguzi kwa kama nusu saa. Hakuna atakayekulazimisha kitu kwa kuongea nasi. Mengine mtayapanga pamoja." Karibu kila neno hapo lililipiwa kwa mabishano. Walitaka "SIRI ASILIMIA 100". Nikawauliza, mtu akisema usiku huu anakwenda kujidhuru, muuguzi wenu atafanya nini? Bila shaka atamwambia mtu mwingine. Basi siri ina mpaka, na mpigaji ana haki ya kuujua kabla hajafungua moyo. Tukaandika: "Tunatunza siri yako, isipokuwa maisha yakiwa hatarini." Sentensi ileile ya kutolazimishwa nayo ilibaki tu kwa sababu imefungwa kwenye "kwa kuongea nasi", ikitanuliwa zaidi ya hapo inakuwa uongo.

Kisha kupima. Usimwulize mtu "umelipenda?" Atasema amelipenda, watu wana adabu. Funika bango, mwambie: "Kwa maneno yako, linakutaka ufanye nini?" Bango la awali, lile la "usione aibu", lilipopimwa hivyo, jibu lililojirudia lilikuwa "linanikataza kuwanyanyapaa wagonjwa". Hakuna aliyetaja kupiga simu. Lile jipya, watu walirudia ile sentensi ya kumwambia rafiki, wengine kwa lafudhi zao, na mmoja akataja jina la mtu aliyemkumbuka papo hapo. Hicho ndicho ninachokitafuta.

Je, watapiga kweli? Hapo sina uhakika, na asikudanganye mtu kwamba anao. Tunachokijua vizuri kuhusu unyanyapaa ni kwamba kwa watu wazima, kukutana na mtu aliyepitia hali hiyo na anaendelea na maisha yake hubadilisha mitazamo kuliko maelezo ya kitaalamu; kwa vijana, mafundisho yameonekana kufanya vizuri zaidi. Lakini sehemu kubwa ya vipimo hivyo huchukuliwa muda mfupi tu baadaye, na mtazamo uliobadilika si mguu uliovuka kizingiti cha kliniki. Bango ni kitu dhaifu. Ningekuwa na bajeti ya kitu kimoja, ningemlipa mtu aliyepona azungumze ana kwa ana na watu 20, tena zaidi ya mara moja. Lakini bajeti imeshanunua mabango, basi tuyafanye yasidhuru.

Jambo la mwisho nililowadai kabla ya kuweka sahihi: wapige wenyewe ile namba, Jumapili, saa 8 usiku. Walisema huduma inafungwa saa 11 jioni. Basi saa hizo ziandikwe bangoni kwa herufi kubwa kama namba yenyewe, pamoja na mahali pa kwenda zikishapita. Bado nasubiri wanijibu mahali hapo ni wapi.