Simu iko kwenye chaji, mbona asilimia zinashuka?

Dereva wa teksi ya mtandaoni jijini Dar es Salaam anaingia barabarani saa moja asubuhi, simu ikiwa na asilimia 60. Ameichomeka kwenye redio ya gari, kwenye tundu lile lile la kuwekea flashi ya muziki, na alama ya chaji inaonekana juu ya kioo. Ramani imewashwa muda wote. Inapofika saa tatu simu inasoma 36. Jioni anaipeleka kwa fundi, anaambiwa betri imechoka, anawekewa mpya, na kesho yake asilimia zinashuka kama jana.

Sisi tunaofundisha elektroniki chuoni tunaulizwa jambo hili mara kwa mara, na mara nyingi betri haina kosa lolote. Simu inakula umeme mwingi kuliko unaoingia. Ile alama ya chaji hujitokeza mara tu simu inapohisi volti kwenye tundu lake, hata kama kinachoingia ni kidogo mno. Ndani ya simu kuna saketi inayogawa umeme huo. Kwanza hulisha kioo, prosesa, data na GPS, kisha kinachobaki ndicho huenda kwenye betri. Kisipobaki kitu, na mahitaji hayajatimia, saketi hiyo hiyo huchota nakisi kutoka kwenye betri. Kwa hiyo simu inaweza kuwa imechomekwa na betri yake inatumika, vyote kwa wakati mmoja.

Tupige hesabu ya dereva wetu. Betri yake imeandikwa 5000 mAh, na volti yake ya kawaida ni 3.85. Ukizidisha ampea-saa 5 kwa 3.85 unapata takribani wati-saa 19, ambazo ndizo akiba yote ya simu ikiwa imejaa. Betri nyingi zina namba hii kwenye lebo, imeandikwa kwa herufi Wh.

Sasa matumizi. Kuyajua hakuhitaji kifaa. Siku moja achomoe waya, aendeshe nusu saa akitumia ramani kama kawaida yake, mwanga wa kioo ukiwa juu, halafu aangalie asilimia ngapi zimeondoka. Tuseme zimeondoka 12. Kwa saa nzima ni 24, na asilimia 24 ya wati-saa 19 ni kama 4.5. Basi simu yake inapoongoza njia inakula wati 4.5 hivi. Sehemu kubwa huliwa na kioo, kwa sababu mchana wa jua simu hupandisha mwanga hadi mwisho. Sehemu nyingine huliwa na prosesa inayochora ramani bila kupumzika, na saketi inayowasiliana na mnara wa mtandao, hasa mnara ukiwa mbali na simu ikalazimika kupaza nguvu. GPS yenyewe, ambayo watu huilaumu kwanza, kwa kawaida haimfikii mlaji mkubwa kati ya hao.

Upande wa mapato ndipo penye tatizo. Tundu la USB la redio ya gari lilitengenezwa kusoma flashi, na flashi haihitaji umeme mwingi. Kiwango cha kawaida cha USB 2.0 ni volti 5 kwa ampea 0.5, yaani wati 2.5. Baada ya kiasi kupotea njiani kama joto, simu inapata 2.2 hivi. Matumizi 4.5, mapato 2.2, nakisi 2.3 kila saa. Hiyo ni asilimia 12 ya wati-saa 19. Kwa saa mbili ni 24, na 60 ukitoa 24 ni 36, namba ile ile aliyoiona saa tatu asubuhi. Betri mpya isingebadilisha chochote katika hesabu hii.

Dereva mwerevu ataacha tundu la redio na kununua chaja ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Ni hatua sahihi, maana chaja nzuri ya aina hiyo hutoa ampea 2.4 kwa volti 5, yaani wati 12. Asome lebo kwa makini tu: chaja yenye matundu mawili iliyoandikwa 4.8A kwa kawaida inataja jumla ya yote mawili, hivyo simu ya abiria ikichomekwa pembeni zinagawana.

Lakini wengi hununua chaja hiyo na asilimia zikaendelea kushuka, kisha wakasema chaja ni feki. Pengine ni feki kweli. Mimi ningeanza kutazama waya.

Waya wa chaji una shaba nyembamba ndani, na shaba nyembamba huzuia umeme. Waya wa bei rahisi wa mita mbili, ukijumlisha kwenda na kurudi pamoja na viungo vyake, unaweza kufika ukinzani wa omu 0.8. Ukijaribu kupitisha ampea 1, volti 0.8 zinapotelea njiani na kwenye simu zinafika 4.2 badala ya 5. Simu ikiona volti zinaporomoka hivyo hupunguza yenyewe kiasi inachovuta, mpaka volti zirudi kwenye kiwango inachokikubali. Itatulia kwenye ampea 0.7 hivi, na hapo dereva anapata karibu wati 3 kutoka kwenye chaja ya wati 12. Bado yuko chini ya 4.5. Abadilishe waya tu, achukue mfupi wa mita moja au pungufu wenye shaba nene, na simu itaweza kuvuta ampea 2. Hizo ni wati 10 zinazotoka kwenye chaja, labda 8.5 zikitumika, na ziada ya wati 4 inaingia kwenye betri. Asilimia zitapanda kama 20 kwa saa huku ramani ikiwaka.

Kuna kasoro nyingine ya waya isiyoonekana kwa macho. Katika waya wa kawaida wenye kichwa kile kipana cha mstatili, ndani kuna nyaya nne: mbili za umeme na mbili za data. Simu hutumia zile za data kutambua imechomekwa wapi. Chaja za ukutani na za gari huziunganisha au huziwekea volti maalumu, na simu ikiona dalili hiyo inajua kwamba inaruhusiwa kuvuta zaidi. Nyaya za data zikiwa zimekatika, au mtengenezaji hakuziweka kabisa ili kupunguza gharama, simu haipati ishara hiyo, na nyingi huamua kujibana kwenye ampea 0.5. Chaja ni nzuri, umeme upo, lakini simu inauogopa. Kujua ni rahisi: chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya huo. Kama kompyuta haiioni simu kabisa hata ukijaribu tundu jingine, nyaya za data huenda hazipo. Kinga ni kuweka waya mmoja unaouamini na kuulinganisha na ule unaoushuku.

Anayetaka namba badala ya kubahatisha anunue kipimo cha USB. Ni kidude kidogo chenye kioo, kinakaa kati ya chaja na waya, kinaonyesha volti na ampea. Ampea 0.4 au 0.5 wakati ramani inawaka maana yake simu imejibana au tundu ni dhaifu. Simu nyingi za Android pia huandika kwenye skrini iliyofungwa kama inachaji polepole au kwa kasi, na wengi wetu hatusomi.

Jambo la tatu ni joto, na hili linaharibu hata mpangilio mzuri. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa moto, na kwa kawaida kuanzia nyuzi 45 za Selsiasi simu hupunguza chaji, ikizidi kupanda inaisimamisha. Simu iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, nyuma yake jua la saa saba, ndani ya kava nene, prosesa ikifanya kazi na chaji ikiingia, inafika huko haraka. Dalili yake ni kwamba asubuhi asilimia zinapanda vizuri, mchana zinaganda au zinashuka, na mwanga wa kioo unafifia wenyewe bila mtu kuugusa. Hapo kununua chaja kubwa zaidi ni kuongeza joto. Hamishia kishikio kwenye tundu la hewa ya kiyoyozi na uvue kava. Chaji isiyotumia waya ndiyo mbaya kuliko zote kwenye gari, kwa sababu yenyewe inazalisha joto nyuma ya simu.

Upande wa matumizi nao unapungua kwa urahisi. Safari ya kwenda Morogoro ina kipande kirefu cha barabara moja isiyo na kona ya kuulizia; zima kioo, sauti ya maelekezo katika Google Maps itaendelea kuongea. Kupakua ramani ya eneo mapema ukiwa na Wi-Fi hupunguza kazi ya mtandao mnara ukiwa mbali. Kwa dereva wa teksi anayesubiri oda kuzima kioo si rahisi, lakini kushusha mwanga mawingu yanapotanda kunawezekana.

Wachezaji wa gemu wana kisa tofauti kidogo. Kijana yuko nyumbani na chaja yake ya wati 33, waya ule ule uliokuja na simu, na asilimia bado haziendi juu. Hapa umeme upo wa kutosha ila simu inaukataa. Kasi ile ya wati 33 hupatikana zaidi kioo kikiwa kimezimwa na simu ikiwa ya baridi. Gemu zito likianza, prosesa ya michoro inapandisha joto, na simu inashusha chaji ili kujilinda. Baadhi ya simu zina mpangilio unaolisha simu moja kwa moja kutoka kwenye chaja bila kuigusa betri. Kwenye Samsung zinazouruhusu unaitwa Pause USB Power Delivery, kwingine Bypass Charging. Ukiwashwa, asilimia husimama pale pale kwa makusudi, na joto hupungua. Ukiona asilimia zimeganda kabisa kwenye namba moja, angalia kwanza kama hujauwasha bila kujua.

Kabla ya kumlipa fundi, zima kioo, weka simu kwenye hali ya ndegeni, iache kivulini ikiwa kwenye chaji ile ile kwa nusu saa. Asilimia zikipanda, betri inapokea chaji na tatizo liko kwenye mapato na matumizi. Zisipopanda, badilisha waya, halafu chaja, kimoja kimoja. Betri iliyochoka kweli huonekana kwa njia nyingine: simu inazimika ghafla ikiwa na asilimia 20 au 30, namba zinaruka kutoka 45 hadi 28 kwa dakika chache, au inajaa upesi isivyo kawaida na kuisha upesi. Na kama mgongo wa simu umevimba au kioo kimeanza kuinuka pembeni, ichomoe, isichajiwe tena hata kwa dakika, na fundi ndiye aitoe betri hiyo.