Nani kawaambia mmea hupumua usiku tu?

Kila muhula wanafunzi wapya wanakuja kwangu kwa tuisheni ya baiolojia hapa Lamu, na kila muhula nasikia jibu lile lile: "Mwalimu, mimea mchana inafanya usanisinuru, usiku ndiyo inapumua." Wanalitamka kwa uhakika wa mtu anayetaja jina la babake. Wengine wamelibeba kutoka nyumbani, ambako wameambiwa wasilale na chungu cha rihani chumbani eti kitawamalizia hewa. Mtu mzima aliyelala hutoa karibu lita 10 za kabonidioksaidi kwa saa, na chungu cha rihani hakimkaribii hata kidogo. Mbona basi ndugu watatu wanalala chumba kimoja na hakuna anayefukuzwa?

Ukweli ni kwamba kila seli hai ya mmea inapumua saa zote 24. Mlinganyo mnaujua:

C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O + nishati

Haukuandikwa popote kwamba shughuli hii inangoja jua litue. Jani linapopigwa na jua, kloroplasti hutengeneza ATP, lakini ATP hiyo hutumika humo humo ndani ya kloroplasti kuunda sukari. Kazi nyingine za seli, kama kujenga protini au kupakia sukari kwenye mirija ya floemu, hutegemea zaidi ATP ya mitokondria, yaani ile inayotokana na upumuaji. Kazi hizo hazilali mchana.

Kinachowapoteza ni kwamba mchana upumuaji hauonekani kwa nje. Kabonidioksaidi inayotoka kwenye mitokondria hunyakuliwa na kloroplasti kabla haijatoka kwenye jani. Mwanafunzi anaona jani linatoa oksijeni tu, basi anahitimisha kwamba upumuaji umesimama.

Jaribio la kulimaliza jambo hili ni lile la kiashiria cha bikabonati, na linapenda sana kuletwa kwenye mtihani. Kiashiria hiki huwa chekundu kikiwa na kabonidioksaidi ya kiwango cha hewa ya kawaida. Ikizidi, kinageuka njano. Ikipungua, kinakuwa zambarau. Chukua mirija minne ya majaribio, tia kiashiria kidogo kila mmoja. Mitatu tundika jani bichi juu ya kiashiria bila kukigusa, wa nne uache bila jani, kisha ziba yote kwa vizibo vinavyobana. Mrija wa kwanza uache bila kuufunika kwenye mwanga mkali. Wa pili uufunge wote kwa karatasi ya alumini. Wa tatu uuzungushie kitambaa chepesi cha shashi ili upate mwanga hafifu. Weka yote dirishani saa tatu asubuhi, rudi saa tano.

Wa kwanza utaukuta zambarau, na hapo hakuna ubishi. Wa pili utakuwa njano. Sasa tazama saa: ni saa tano asubuhi, jua la Lamu liko juu, na jani limetoa kabonidioksaidi. Halikujua kama ni mchana au usiku, lilikosa mwanga tu. Wa nne umebaki mwekundu, na kazi yake ni kuonyesha kwamba rangi haibadiliki yenyewe bila jani. Ukiukuta huu nao umegeuka njano, kizibo kinavuja au kuna mtu aliupulizia pumzi wakati wa kuziba. Tupa, anza upya.

Maksi zinapotea kwenye mrija wa tatu. Umebaki mwekundu, na darasa zima linaandika: "Jani halipumui wala halifanyi usanisinuru." Hapana! Shughuli zote mbili zinaendelea, na zinalingana. Kabonidioksaidi inayotolewa na upumuaji ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na usanisinuru, kwa hiyo kiashiria hakioni tofauti. Hali kama hiyo hutokea pia alfajiri na magharibi, jua linapokuwa hafifu.

Watahini huligeuza jambo hili kuwa hesabu. Tuseme gizani jani limetoa sentimita 2 za ujazo za kabonidioksaidi kwa saa, na kwenye mwanga mkali limefyonza sentimita 8 za ujazo kutoka hewani kwa saa. Usanisinuru umetumia ngapi kwa saa? Anayeamini mmea haupumui mchana ataandika 8. Jibu ni 10, yaani 8 zilizotoka nje pamoja na 2 zilizotengenezwa ndani ya jani lenyewe, tukichukulia kwamba kasi ya upumuaji ni ile ile gizani na kwenye mwanga. Ukikosa swali hili, hujakosa hesabu. Umekosa baiolojia.

Na kama bado unabisha, acha jani, fikiria mzizi. Mzizi hauna kloroplasti na umezikwa kwenye udongo, mchana na usiku kwake ni mamoja, na lazima upate oksijeni. Nenda kwenye mikoko maji yakiwa yametoka, utazame chini ya mchu. Vile vijiti vinavyochomoza matopeni kama penseli zilizosimamishwa ni mizizi iliyopanda juu kutafuta hewa, kwa sababu tope lile lililolowa karibu halina oksijeni. Kila kijiti kina vitundu vidogo vya kupitishia hewa hadi kwenye mizizi iliyo chini. Ukivifunika kwa mchanga kwa muda mrefu, mti unadhoofika, hata kama majani yake yanaota jua siku nzima. Ushauri wangu, na nitausema mpaka mnichoke: kila unapoandika kuhusu upumuaji wa mmea, malizia na maneno "mchana na usiku".

Mengine nayapitia haraka. Kuvuta pumzi si upumuaji wa seli. Mapafu yanaingiza na kutoa hewa, basi. Nishati inatolewa kwenye glukosi ndani ya seli, na hata hamira isiyo na mapafu inafanya kazi hiyo.

Usiandike pia kwamba upumuaji "unaumba" nishati. Nishati ilikuwamo tayari kwenye glukosi. Seli inaifungua hatua kwa hatua, sehemu inahifadhiwa kwenye ATP na iliyobaki inatoka kama joto. Ndiyo maana pojo zinazochipua ndani ya chupa ya chai hupandisha kipimajoto, na zilizochemshwa kisha zikasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu hazikipandishi.

La mwisho ni misuli. Mpagazi anayekimbia na gunia kutoka gatini, misuli yake ikikosa oksijeni ya kutosha, haitengenezi pombe, wala njia hiyo haitoi kabonidioksaidi. Hesabuni kaboni: glukosi ina 6, na asidi laktiki mbili, C3H6O3 kila moja, zinachukua zote 6. Hakuna iliyobaki ya kutengenezea CO2. Hamira ndani ya tembo la mnazi ndiyo inayotoa ethanoli mbili zenye kaboni 2 kila moja, na kaboni 2 zilizosalia hutoka kama CO2, ndilo povu mnaloliona juu ya kibuyu.