Rangi ya chumba: dhana potofu kuhusu milango, madirisha na mikono miwili

Tuchukue chumba cha kulala cha kawaida katika nyumba ya tofali za saruji, mtaa wowote wa Bagamoyo. Sakafu ni mita 4 kwa 3.5, na kuta zina kimo cha mita 2.8. Mlango ni mmoja, wa mita 0.9 kwa 2.1. Madirisha ni mawili, kila moja mita 1.5 kwa 1.2. Kuta zimepigwa lipu na skimu, na zitapakwa rangi ya maji mikono miwili. Dari ina rangi yake, hatuihesabu hapa.

Dhana: Ukijua ukubwa wa sakafu umeshajua rangi.

Sakafu hii ni mita za mraba 14. Tatizo ni kwamba chumba chembamba cha mita 2 kwa 7 nacho kina sakafu ya 14. Mzunguko wa kuta za chumba cha kwanza ni mita 15, wa cha pili ni 18. Zidisha kwa kimo cha 2.8 na utapata mita za mraba 42 kwa kimoja na 50.4 kwa kingine. Sakafu zinalingana, lakini kuta zimepishana kwa mita za mraba 8.4, na kwa mikono miwili tofauti hiyo hula karibu lita 1.7. Anayenunua ndoo kwa kuangalia ukubwa wa sakafu anabahatisha tu. Kinachotakiwa ni mzunguko wa kuta mara kimo.

Dhana: Kutoa milango na madirisha kabla au baada ya kuzidisha kwa mbili ni yale yale.

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, hata kwa watu wanaojua kupima. Mlango ni mita za mraba 1.89. Madirisha mawili ni 3.6. Jumla ya matundu ni 5.49. Toa kwenye 42, ubaki na 36.51. Huo ndio ukuta halisi wa kupaka mara moja. Sasa zidisha kwa mbili: 73.02.

Ukizidisha kwanza unapata 84, kisha ukatoa 5.49 mara moja tu, unabaki na 78.51. Umeyahesabia matundu kana kwamba yatapakwa katika mkono wa pili. Hasara yake ni nusu lita na ushee, si kubwa sana. Kosa la upande wa pili ndilo linalouma: mtu anajiambia mikono ni miwili, hivyo anazidisha matundu yawe 10.98, anayatoa kwenye 42, anabaki na 31.02, halafu anazidisha tena kwa mbili. Amepata 62.04, pungufu kwa mita za mraba karibu 11. Rangi itamwishia ukuta wa mwisho wa mkono wa pili, mahali pabaya kuliko pote pa kuishiwa.

Kwa ukuta laini wa skimu, lita moja hupaka mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja. Kwa hiyo 73.02 ni lita 7.3. Ongeza asilimia 10 ya ile inayonywewa na rola, inayobaki chini ya ndoo na kudondoka sakafuni: lita 8.03. Galoni mbili za lita 4 zinatosha, ila kwa kubanana.

Dhana: Dirisha kila mara hupunguza rangi.

Katika nyumba ya tofali za inchi 6, ndiyo. Pande za ndani za tundu ni sentimita chache tu kutoka kwenye fremu, na ile asilimia 10 inazimeza. Katika nyumba za zamani za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo hali ni nyingine kabisa, maana kuta ni nene mno. Chukua dirisha lile lile la 1.5 kwa 1.2, lenye kina cha sentimita 40 kutoka uso wa ukuta hadi kwenye fremu. Pande mbili na sehemu ya juu zina jumla ya urefu wa mita 3.9. Mara 0.4, ni mita za mraba 1.56 zinazopakwa, hata kabla ya kuhesabu sehemu ya chini. Ulitoa 1.8, umerudisha 1.56. Dirisha limekupunguzia robo ya mita ya mraba tu. Kwa kuta za namna hiyo toa tundu, kisha jumlisha pande zake. (Kama lipu yake ni ya chokaa, uliza kwanza habari ya rangi inayopitisha unyevu. Rangi ya plastiki huziba unyevu na chumvi ndani, kisha hubanduka, na hapo hesabu ya lita haina maana.)

Dhana: Namba iliyoandikwa kwenye kopo ndiyo utakayopata ukutani.

Namba ile ni ya mkono mmoja, kwenye uso laini ulioandaliwa vizuri. Wapo wanaoisoma kana kwamba ni ya kazi nzima, wakanunua nusu. Na ukuta wa lipu isiyo na skimu hunywa zaidi, hasa mkono wa kwanza, kwa sababu uso wenye vijishimo ni mpana kuliko tepu inavyoonyesha na saruji kavu huvuta maji ya rangi. Mkono wa pili hutumia rangi pungufu kwa kuwa vijishimo vimeshajaa.

Badala ya kubishana na fundi, pima. Mimina lita 2 kamili kwenye ndoo tupu na upake ukuta mmoja usio na tundu. Katika chumba chetu ukuta wa mita 4 ni mita za mraba 11.2. Ikibaki lita 0.4, umetumia 1.6, na 11.2 gawanya kwa 1.6 ni 7. Basi mkono wa kwanza utahitaji 36.51 gawanya kwa 7, yaani lita 5.2. Mkono wa pili, ukikadiria 10 kwa lita, ni 3.65. Jumla ni lita 8.9 kabla ya kinachopotea, na ukiongeza asilimia 10 unafika 9.8. Galoni mbili hazitoshi, nunua na kopo mbili za lita moja.

Dhana: Ikipungua, ongeza maji.

Lita moja kwa mita za mraba 10 ni utando wa unene wa milimita 0.1 ukiwa mbichi. Ukiongeza maji hujaongeza kinachobaki ukutani baada ya kukauka, umekitandaza tu. Maji kidogo yanaruhusiwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, hasa mkono wa kwanza. Ukizidisha, kijivu cha lipu huchungulia mchana dirisha likiwa wazi, na ukipitisha kiganja ukutani baada ya rangi kukauka kabisa kinatoka na vumbi la rangi.

Dhana: Kopo la ziada utalifuata dukani wakati wowote.

Kwa nyeupe ya kawaida, sawa. Kwa rangi iliyochanganywa dukani, mchanganyiko wa leo na wa wiki ijayo unaweza kupishana kidogo, na tofauti huonekana pale michanganyiko hiyo miwili inapokutana katikati ya ukuta. Nunua zote pamoja, uzimimine kwenye ndoo moja kubwa na kuzikoroga kabla ya kuanza. Kama lazima ununue baadaye, ile mpya ianzie kwenye kona, isianzie katikati ya ukuta.