Paka rangi siku kumi kabla, si siku moja

Mteja anayeniambia harusi ni Jumamosi na anataka kupaka rangi Ijumaa, huwa namkatalia. Rangi ya kudumu unayoiona ukitoka saluni bado si rangi utakayokaa nayo. Amonia imefungua magamba ya unywele, chembe ndogo za rangi zimeingia ndani na kuungana zenyewe kwa nguvu ya peroksidi zikawa kubwa, lakini nyingine zimebaki juu juu. Ndiyo maana siku ya kwanza nywele huonekana nyeusi kuliko ulivyotaka, na ngozi ya kipaji ina madoa. Zikioshwa mara mbili, rangi hupungua kidogo, na hapo ndipo kosa la kweli hujitofautisha na rangi ambayo haijatulia tu.

Nina bibi harusi mmoja aliyetaka kahawia iliyokoza. Jumatatu nilimpaka tone la rangi nyuma ya sikio, tukasubiri saa 48 kuona kama ngozi itawasha au kuvimba. Haikuwasha. Jumatano nikampaka, siku kumi kabla ya harusi. Ncha zake zilikuwa kavu, zimeshapakwa rangi zamani, na nywele za namna hiyo hufyonza rangi kwa pupa. Zilitoka karibu nyeusi, mashina yakiwa kahawia nzuri.

Alitaka tumpake kahawia nyepesi juu yake palepale. Hilo halisaidii, maana rangi mpya haiondoi rangi ya zamani, inaongeza tu. Nikamwomba asioshe hadi Jumamosi, kisha aoshe tena Jumatatu, na kila mara ajitazame dirishani mchana, kwa sababu taa za ndani hudanganya.

Jumanne mashina yalikuwa yametulia, ncha bado nyeusi. Basi lilikuwa kosa, si suala la kusubiri. Nilipaka kiondoa rangi kwenye ncha peke yake. Dawa hiyo huvunja zile chembe kubwa ziwe ndogo tena ili maji yazitoe, kwa hiyo kusuuza ndiyo kazi yenyewe: zikibaki ndani, hushikana upya na nywele hurudi kuwa nyeusi ndani ya siku moja au mbili. Pia hairudishi rangi ya asili iliyokwisha kuliwa na peroksidi, hivyo ncha zilibaki na wekundu. Alhamisi, nilipoona hazijarudi nyuma, nikazifunika kwa kahawia isiyo ya kudumu, yenye ubaridi kidogo wa kutuliza wekundu huo. Ijumaa ilikuwa ya kupumzika.

Kwa usaili hesabu ni hiyohiyo. Usiende wiki tatu nyuma ukidhani unajiongezea usalama, hasa mwenye mvi: nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, na mstari mweupe huanza kuonekana kwenye kipaji kabla ya siku yenyewe. Hina nayo ni jambo jingine kabisa, maana kiondoa rangi hakiigusi. Anayetaka hina ajaribu kwanza kishungi kidogo cha nyuma, na asipake kichwa kizima kabla hajaona kishungi hicho kimekuwaje baada ya siku tatu.